Muziki wa bure unavyowagharimu wapiga video

Wapiga video wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wanaijua ile barua pepe fupi ya YouTube inayoarifu kwamba video yao imekutwa na dai la hakimiliki. Ajabu ni kwamba mara nyingi kinachodaiwa si wimbo wa msanii maarufu. Ni gitaa laini lililowekwa chini ya sauti ya msimulizi, lililopakuliwa kutoka chaneli iliyoandika kwa herufi kubwa kwamba muziki huo ni wa bure na hauna mwenyewe.

Kwa mwenye chaneli, dai kama hilo humaanisha mapato ya matangazo kwenda kwa mtu mwingine. Kwa anayefanya kazi ya mteja, hasara ni ya namna nyingine. Mdai akiamua kuweka matangazo, filamu ya chama cha ushirika inaweza kutanguliwa na tangazo la mshindani wake, na simu ya kwanza itapigwa kwa aliyeitengeneza.

Tuanze na mtambo wenyewe. Tangu 2007 YouTube inatumia mfumo wa Content ID. Mwenye haki hukabidhi faili la wimbo wake, na kila video inayopakiwa hulinganishwa na hazina ya mafaili hayo. Yakifanana, mfumo hufuata agizo la mwenye faili: kuizuia video, kuchukua mapato yake, au kuhesabu tu watazamaji. Dai hili lisichanganywe na onyo. Onyo hutolewa mwenye haki anapowasilisha ombi rasmi la kuiondoa video, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli nzima. Dai la Content ID haliifuti chaneli, ila linagusa pesa.

Mtambo huu hausomi mikataba. Unasikiliza tu, na hapo ndipo muziki wa bei nafuu unapomponza mtumiaji. Chukua prodyuza wa Kinondoni anayeuza biti moja kwa watu watano, kila mmoja akiwa na ruhusa ya kuitumia. Wanne wanaiweka kwenye video zao. Wa tano ni msanii. Anaimba juu yake, anapeleka wimbo kwa kampuni ya usambazaji wa mtandaoni, na kwenye fomu anaweka alama ya kukubali wimbo uingizwe Content ID. Kanuni za YouTube zinataka anayeingiza faili awe na haki ya peke yake juu yake, na biti ya watu watano haimpi mtu yeyote haki hiyo. Lakini mtambo haujui. Kuanzia siku hiyo unaisikia biti kwenye video za wale wanne na kuwaandikia madai kwa jina la msanii ambaye pengine hata hajui kilichotokea.

Wapo pia wanaofanya hivyo kwa makusudi. Huko Arizona, Marekani, watu wawili walidai umiliki wa nyimbo zaidi ya 50,000 ambazo hazikuwa zao na kukusanya zaidi ya dola milioni 20 za mirabaha kabla ya kufikishwa mahakamani. Mmoja wao alihukumiwa mwaka 2023 kifungo cha karibu miaka 6. Waliweza kwa sababu mlango wa Content ID hufunguliwa na anayejitambulisha kuwa mwenye mali, na nyimbo nyingi hazikuwa na mtu aliyetangulia kuzisajili.

Kwa hiyo usalama wa wimbo hautokani na maneno yaliyoandikwa chini ya video ya mtu asiyejulikana. Unatokana na karatasi unayoweza kuionyesha, na uhakika kwamba aliyekupa karatasi hiyo ndiye mwenye wimbo.

Penye karatasi za kuaminika ni pachache. Pa kwanza ni maktaba ya YouTube yenyewe, ndani ya YouTube Studio, inayoitwa Audio Library. Nyimbo zake ni za bure, nyingine zikidai utaje jina la mtunzi, na hata chaneli yenye matangazo inaruhusiwa kuzitumia. Ubaya wake ni kwamba zimeshasikika kila mahali, na mtazamaji mzoefu atakuwa ameusikia wimbo wako kwenye video ya mapishi jana yake.

Pa pili ni nyimbo zenye leseni za Creative Commons. Mmarekani Kevin MacLeod amejijengea jina kwa kutoa vipande zaidi ya elfu moja kwa masharti hayo. Hapa watu wengi huishia kusoma herufi mbili za mwanzo tu. CC BY inakuruhusu kuutumia wimbo, hata kibiashara, ilmradi umtaje mtunzi, jina la wimbo na leseni. Ikiongezwa NC, usiuguse kwa tangazo la biashara. Ikiongezwa SA, video nayo huenda ikabidi itolewe kwa masharti yale yale, jambo ambalo mteja hatalikubali. Inayowashangaza wengi ni ND, inayokataza kazi kubadilishwa. Mpiga video husema, mimi sijaubadilisha, nimeuweka mzima. Lakini kwa tafsiri ya Creative Commons wenyewe, kuufunga wimbo kwenye picha zinazotembea tayari ni kuubadilisha. Wimbo wa ND haufai kwa video yoyote.

Pa tatu ni maktaba za kulipia, mfano Epidemic Sound ya Stockholm, iliyoanzishwa 2009, au Artlist. Epidemic Sound humiliki haki za nyimbo inazotoa, ndiyo maana inaweza kukufungulia njia kwenye mtambo: unaisajili chaneli yako kwao, na madai kwenye chaneli hiyo huondolewa. Video iliyotoka wakati usajili ukiwa hai hubaki salama hata ukiacha kulipa. Ila soma aina ya kifurushi. Kile cha bei ya chini ni cha chaneli ya mtu binafsi na hakimhusu mteja. Ukimtengenezea duka tangazo kwa kifurushi chako, dai litaangukia chaneli ya duka.

Kuna wanaodhani nyimbo za zamani ni za wote. Tahadhari. Kila wimbo una haki mbili: ya utunzi na ya kurekodi. Bach alifariki 1750 na utunzi wake hauna mwenyewe, lakini mwaka 2018 mpiga piano wa Uingereza James Rhodes alijirekodi akipiga utunzi wa Bach, akaweka Facebook, na Sony Music wakadai sekunde 47 za video hiyo kabla ya kurudi nyuma. Mtambo wa Facebook ulikuwa umefananisha vidole vyake na vya mtu mwingine. Kwetu, Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Kwa sheria ya Marekani, yaliko makao ya YouTube, rekodi iliyotolewa mwaka huo inalindwa hadi mwisho wa 2028, hata kama mtunzi alishafariki zamani.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Tuseme chama cha wakulima wa kahawa Karagwe kinataka filamu ya dakika tatu kwa wanunuzi. Mama mmoja mkulima anaeleza anavyochuma na kuanika, kisha mwenyekiti anataja ubora na bei. Mpiga video asianze kwa kutafuta wimbo mzuri. Aanze kwa kumsikiliza mama anavyoongea. Kama anaongea taratibu na kupumua kati ya sentensi, wimbo wa mapigo 70 hadi 85 kwa dakika utakwenda naye. Wa mapigo 120 utamfanya aonekane anachelewa, na mtazamaji atachoka bila kujua sababu.

Wimbo usiwe na maneno, kwa sababu sikio haliwezi kufuata maneno mawili kwa wakati mmoja. Usiwe pia na filimbi, fidla au zumari inayoongoza, maana sauti hizo hupita pale pale inapopita sauti ya binadamu. Gitaa la kudonoa, besi na ngoma ndogo vinatosha. Kwenye maktaba nyingi unaweza kupakua sehemu za wimbo zikiwa zimetenganishwa, hivyo filimbi ukiipenda iweke mwanzoni kwenye picha za mashamba, kisha iondoe mama anapoanza kusema. Chini ya maneno yake, shusha muziki uwe desibeli 18 hadi 20 chini ya sauti yake. Mwenyekiti akifika kwenye bei, ukate kabisa. Ukimya hapo humfanya mnunuzi aisikie namba.

Kuna maneno ya utafutaji yanayopoteza muda. Ukiandika «Afrika» kwenye maktaba hizi utaletewa ngoma nzito na kwaya ya mbali, muziki ambao hakuna mtu Karagwe aliyewahi kuusikia. Tafuta kwa ala na kwa kasi. Baadaye sikiliza filamu kwa spika ya simu, maana wanunuzi wengi wataiona hapo, na besi uliyoitegemea inaweza kutoweka yote.

Kabla ya kukabidhi, ipakie video ikiwa haijaachiwa hadharani na uipitishe kwenye hatua ya Checks, ambayo huonyesha dai mapema. Kupita leo hakuzuii mtu kusajili biti hiyo kesho, kwa hiyo weka folda ya kila kazi: risiti, nakala ya leseni kama ilivyosomeka siku ulipopakua, tarehe, na kiungo cha ukurasa. Dai likija na karatasi unazo, lipinge. Mdai ana siku 30 za kujibu, na akikaa kimya dai linakufa. Ukipinga ndani ya siku 5 tangu dai litolewe, mapato hushikiliwa tangu siku ya kwanza badala ya kumwendea mdai.

Biashara nyingi ndogo zina kibali cha kupiga muziki dukani au hotelini kutoka kwa taasisi za hakimiliki, zikadhani kinatosha. Kibali hicho ni cha kuwapigia wateja muziki mahali pale, hakiruhusu kuuweka wimbo kwenye tangazo. TikTok nayo imetenganisha: akaunti ya biashara imewekewa maktaba yake ya kibiashara, na wimbo unaovuma anaoucheza binti wa jirani kwenye akaunti yake si halali kwa duka la nguo.

Kwa maoni yangu, njia iliyo bora kwa soko letu haijatumiwa vya kutosha: kumwagiza prodyuza wa hapa atunge kipande kwa ajili ya kazi moja. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, ukieleza kwamba sauti zote amezitengeneza mwenyewe au ana leseni nazo, kwamba mteja anaruhusiwa kukitumia kwenye mitandao yote bila kikomo cha muda, na kwamba hakuna upande utakaokiingiza Content ID bila idhini ya mwingine. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa, na ndicho kinachozuia yale ya biti ya Kinondoni.

Kinachokwamisha ni ankara. Wapiga video wengi huandika bei moja ya kazi nzima, kisha muziki unatafutwa usiku wa mwisho kwa shilingi sifuri. Uandikeni muziki kwenye mstari wake, pamoja na kamera na usafiri, na mteja akitaka kuufuta mstari huo asaini kwamba madai yatakuwa yake.