Sifa kwenye orodha na mtu aliye mbele yetu

Mwulize mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu ni mtu wa namna gani angependa kuwa naye, naye atakujibu bila kusita: awe na akili, awe na heshima, awe mcheshi, asiwe mvivu, na ikiwezekana awe na kazi nzuri. Mwaka mmoja baadaye utamkuta na mchumba ambaye hafanani sana na orodha ile. Marafiki husema amebadilika, au kwamba mapenzi ni upofu. Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa vipimo, na walichokiona kinawahusu hasa watu wanaosoma lugha. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na jinsi neno la sifa linavyofanya kazi likiwa peke yake, na jinsi linavyofanya kazi likiwa limeshikamana na mtu.

Tuanze na orodha zenyewe. Mwaka 1989 Mmarekani David Buss alichapisha utafiti uliohoji watu zaidi ya 10,000 katika vikundi 37 kutoka nchi 33, wakiwemo jirani zetu wa Zambia. Kila mtu alipima umuhimu wa sifa mbalimbali kwa mwenzi. Kwa jumla wanaume walitilia uzuri wa sura mkazo zaidi kuliko wanawake, nao wanawake walitilia uwezo wa kipato mkazo zaidi kuliko wanaume. Matokeo hayo yamerudiwa mara nyingi. Lakini utafiti ule ulipima jambo moja tu, yaani kile ambacho watu wanasema. Haukuangalia wahojiwa hao walivutiwa na nani walipokutana na watu wenyewe.

Miaka michache baada ya 2000, Paul Eastwick na Eli Finkel wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, walipata njia ya kupima yote mawili kwa watu walewale. Walitumia mikutano ya haraka ya uchumba. Wanafunzi 163 wasiokuwa na wachumba walijaza dodoso kabla ya mkutano na kueleza, kwa kipimo cha 1 hadi 9, kila sifa ina umuhimu gani kwao. Baadaye walikuja ukumbini. Kila mmoja alizungumza kwa dakika 4 na mtu wa jinsia nyingine, kisha akahamia kwa mwingine, mpaka amekutana na watu kama kumi. Baada ya kila mazungumzo alijaza karatasi fupi: mtu huyu ana sura nzuri kiasi gani, ana matumaini gani ya kipato, anapendeza kiasi gani kwa tabia, nami nimevutiwa naye kiasi gani. Waliporudi nyumbani walisema ni nani wangependa kumwona tena, na kwa mwezi mmoja waliendelea kujibu maswali kuhusu watu waliovutiwa nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Ili kuelewa walichokipima, tuchukue mfano wa kubuni. Dada mmoja ameandika kwenye dodoso kwamba akili ina umuhimu wa 9 kwake, na ucheshi 5. Ukumbini anakutana na vijana wanne. Kwa akili anawapa 8, 7, 6 na 5. Kwa ucheshi anawapa 4, 7, 5 na 8. Kwa mvuto anawapa 4, 7, 6 na 8. Sasa tuzisome alama hizo kwa kuzilinganisha. Yule aliyempa akili nyingi kuliko wote ndiye aliyemvutia kidogo kuliko wote, na yule aliyempa akili kidogo ndiye aliyemvutia zaidi. Alama za ucheshi, kinyume chake, zinapanda na kushuka pamoja na alama za mvuto. Kwa hiyo dada huyu ana mapendeleo mawili. La kwanza ameliandika: akili kabla ya ucheshi. La pili linaonekana katika alama zake mwenyewe: ucheshi ndio unaomvuta. Watafiti huliita la kwanza pendeleo la kutamkwa, na la pili pendeleo la kudhihirishwa.

Eastwick na Finkel walifanya hesabu ya namna hiyo kwa kila mshiriki. Kama orodha ingekuwa mwongozo wa kweli, basi walioandika kwamba sura ni muhimu sana wangevutwa na sura kuliko walioandika kwamba si muhimu. Haikuwa hivyo. Uzuri uliwavuta wote, walioutaja juu na walioutaja chini, kwa kiasi kisichotofautiana kwa maana. Ile tofauti ya wanaume na wanawake pia, ambayo ilijitokeza wazi kwenye dodoso lao kama ilivyojitokeza kwa Buss, haikuonekana katika mvuto wenyewe. Sura nzuri iliwavuta wanawake karibu sawa na wanaume, na matumaini ya kipato yaliwavuta wanaume karibu sawa na wanawake.

Je, watu hawa walidanganya kwenye dodoso? Hakuna haja ya kudhani hivyo. Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson walionyesha kwamba mtu akiulizwa kwa nini amechagua kitu fulani, mara nyingi hutoa sababu inayokubalika katika jamii yake, kwa kuwa sababu halisi haionekani akijichungulia ndani. Anayejibu dodoso la mwenzi bora yuko katika hali hiyohiyo. Hana mtu mbele yake. Ana neno tu, na neno hilo huliwekea thamani ambayo jamii yake imekwisha kuliwekea: akili ni kitu kizuri, heshima ni kitu kizuri, uvivu ni kitu kibaya.

Hapa ndipo somo letu la semantiki linapoingia. Mwaka 1946 Solomon Asch aliwasomea watu orodha ya sifa saba za mtu asiyejulikana: ana akili, ana ustadi, ni mchapakazi, ni mkunjufu, ana msimamo, ni mtu wa vitendo, ni mwangalifu. Kikundi cha pili kilisomewa orodha ileile, ila badala ya mkunjufu kiliambiwa kwamba mtu huyo ni mkavu wa moyo. Neno moja tu lilibadilika, lakini picha nzima ya mtu iligeuka. Asch alieleza kwamba sifa hazijumlishwi kama shanga kwenye uzi. Kila sifa hupata maana yake kutoka kwa zile zinazokaa nayo. Akili ya mtu mkunjufu ni busara. Akili ya mtu mkavu ni hila, na mbele yake unajilinda.

Eastwick na Finkel, pamoja na Alice Eagly, walilitumia wazo hilo katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 2011. Washiriki kwanza walisoma maelezo mafupi ya mwanafunzi mwenzao. Wengine walipewa maelezo yenye sifa walizozitaka, wengine maelezo yenye sifa ambazo hawakuzitaka. Kwenye karatasi orodha ilifanya kazi: yule anayelingana nayo alipendwa zaidi. Baada ya kukutana naye ana kwa ana, nguvu ya orodha ilipotea. Sifa iliyosomwa ilikuwa neno. Sifa iliyoonekana ilikuwa na sauti, macho na namna ya kucheka.

Kuna jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Mwaka 2017 Samantha Joel, akiwa na Eastwick na Finkel, alichukua majibu ya mikutano ya haraka, zaidi ya sifa na mapendeleo 100 kwa kila mshiriki, akayapitisha kwenye programu ya kompyuta inayojifunza kutabiri. Programu iliweza kutabiri kwa kiasi fulani nani huvutiwa na watu kwa urahisi, na nani huwavutia wengi. Iliposhindwa ni pale penye uzito: kwamba huyu atavutiwa na yule hasa, kuliko anavyovutiwa na wengine na kuliko wengine wanavyovutiwa na yule. Inaelekea kwamba sehemu hiyo ya mvuto haimo ndani ya mmoja wala ndani ya mwingine kabla hawajakutana. Hutengenezwa katika mazungumzo, na orodha ya sifa haina nafasi ya kuiandika.

Hata hivyo tusiitupe orodha. Dakika 4 si uchumba, wala wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani si dunia nzima. Isitoshe, waliokuja ukumbini walikuwa wanafanana kwa mengi: wote wasomi, wote vijana. Tofauti ya akili au ya kipato kati yao ilikuwa ndogo, na sifa isiyotofautiana sana haiwezi kutenganisha watu. Norman Li na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba watu wenye kiwango cha chini kabisa cha sifa fulani wakiwekwa kati ya wanaokutanishwa, mapendeleo yaliyotamkwa huanza kuonekana tena katika uchaguzi. Orodha, basi, husaidia zaidi kumwondoa asiyefaa kuliko kumchagua anayefaa. Nayo huamua tutakaa karibu na nani, tutakubali mwaliko wa nani, na tutamkataa nani kabla hatujamsikia akizungumza. Ndiyo maana mara nyingi inatugharimu bila sisi kujua.

Kwa wenzetu wanaotaka kufanya utafiti kama huu katika Kiswahili, tahadhari ya kwanza ni katika maneno ya dodoso. Ukiuliza kama mwenzi awe mzuri, mmoja atajibu kuhusu sura na mwingine kuhusu tabia, kwa sababu neno letu linabeba yote mawili. Ukiuliza kama awe na heshima, hujui kama umeuliza juu ya mtu anayeheshimu wengine au mtu anayeheshimiwa. Ukiuliza juu ya akili, wapo watakaowaza alama za mtihani, na wapo watakaowaza ujanja wa kuishi mjini. Afadhali kutaja kitendo: anasikiliza bila kukatiza, anatimiza ahadi ndogo, anajua kuomba radhi. Tahadhari ya pili ni kutoishia kwenye dodoso. Umwombe mhojiwa awapime watu halisi anaowafahamu, angalau watano au sita, kwa sifa zilezile na kwa mvuto, kisha uzipange alama hizo kando ya orodha yake kama tulivyofanya kwa yule dada wa mfano. Pale ambapo safu hizo mbili hazikubaliani, kaa naye na umwombe akueleze, kwa maneno yake, alimaanisha nini alipoandika neno lile la kwanza.