Vinyama vya Shingoni na Kwapani: Kipi Kikatwe, Kipi Kiachwe

Kinyama cha ngozi huning'inia, na hiyo ndiyo alama yake ya kwanza. Ni kijipande laini, aghalabu cha milimita 1 hadi 5, kilichoshikiliwa na kikonyo chembamba. Kikiguswa kwa kidole huyumba kama hereni. Rangi yake ni ya ngozi yenyewe au imekoza kidogo. Humea mahali ngozi inaposuguana: shingoni, kwapani, chini ya matiti na kwenye kinena. Hutokea zaidi kwa watu wanene, kwa wajawazito na kwa waliokwisha kupita ujana. Hakiambukizi, na ni nadra mno kukutwa saratani ndani yake.

Chunjua ni jambo jingine kabisa, kwa sababu huletwa na virusi vya papiloma. Uso wake ni mgumu na hukwaruza, na ndani yake mara nyingi huonekana nukta nyeusi kama chembe za pilipili manga, ambazo ni damu iliyoganda kwenye vimishipa. Kinachowababaisha watu ni chunjua nyembamba ya shingoni, ambayo nayo husimama kwenye kikonyo. Tofauti iko kwenye ncha: ya kinyama ni ya mviringo na laini, ya chunjua imechanuka kama brashi iliyochakaa. Mwanamume anayenyoa ndevu huweza kuzikuta zimejipanga mstari, kwa kuwa wembe umevibeba virusi na kuvipanda njiani.

Doa jeusi la mwilini, ambalo wengi huliita alama ya kuzaliwa hata lilipotokea ukubwani, ni mkusanyiko wa chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Huwa bapa, au limeinuka kama nusu ya punje ya choroko, na shina lake ni pana. Likikaa miaka na miaka na umbo lilelile halina neno. La kutilia shaka ni lile linalobadilika: upande mmoja haufanani na mwingine, kingo zimekatika-katika, rangi zimechanganyika, limevuka milimita 6, au linatoa damu bila kuguswa. Kwa watu weusi saratani ya aina hii hupenda zaidi nyayo, viganja na chini ya kucha kuliko shingo, kwa hiyo anayejichunguza kwenye kioo asisahau kuinua mguu.

Chukulia mama wa miaka 48 mwenye vinyama kumi na viwili shingoni. Kumi na kimoja vipo tu. Cha kumi na mbili hunaswa na mkufu, na asubuhi moja amekikuta kimevimba, kinauma na kimekuwa cheusi. Kilichotokea ni kwamba kikonyo kimejisokota na damu haipiti. Huenda kikakauka na kudondoka chenyewe baada ya siku chache, lakini weusi wa ghafla ni sababu tosha ya kukionyesha hospitali, na hicho kinafaa kuondolewa. Hivyo vingine kumi na kimoja ni suala la urembo na fedha.

Daktari wake, hata hivyo, hatatazama vinyama peke yake. Ngozi ya nyuma ya shingo ikiwa imekuwa nyeusi na nene, yenye mguso wa mahameli, hata kusuguliwa kwa dodoki hakuitakatishi, mara nyingi mwili umeanza kuishinda insulini. Hapo kipimo cha sukari kabla ya kula kina faida kuliko mkasi. Ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo cha siku nyingine kikathibitisha, hicho ni kisukari.

Kazi yenyewe ni fupi. Mahali husafishwa, sindano ya ganzi huchomwa ikihitajika, kikonyo hukatwa kwa mkasi safi usawa wa ngozi, kisha pamba hukandamizwa hadi damu ikome. Vipo pia vifaa vya kuchoma kwa umeme, na ipo naitrojeni ya maji ya kugandisha, ingawa hiyo kwenye ngozi nyeusi huweza kuacha baka jeupe, kwa sababu chembe za rangi hufa kwa baridi upesi kuliko nyingine. Mwenye historia ya makovu yanayotuna aseme mapema.

Kufunga uzi nyumbani huonekana rahisi, lakini kinyama kinachooza taratibu kwapani, penye jasho, hualika usaha. Maji ya betri na dawa za kuunguza zisizo na jina huacha kidonda kikubwa kuliko kilichokuwepo. Chunjua ikikatwa ovyo, virusi hubaki na nyingine huota pembeni. Doa jeusi linalobadilika ndilo lisiloguswa kabisa nyumbani, wala lisichomwe wala kugandishwa: hukatwa zima na kupelekwa maabara, maana kilichoungua hakipimiki.

Kinyama kilichokatwa vizuri kwa kawaida hakirudi mahali pale, lakini vipya huweza kuota jirani maadamu msuguano, uzito au sukari iliyovileta bado ipo.