Walioishi Zaidi, Waliokufa Vilevile

Katika semina ya afya ya umma hapa Isebania, mtoa mada alitusomea utafiti wa Mayo, Marekani, ulioanza mwaka 1971. Wanaume wavutaji sigara wapatao 9,200 waligawanywa mara mbili kwa bahati nasibu. Nusu walipigwa eksirei ya kifua na kupimwa makohozi kila miezi minne. Wengine walishauriwa tu wapimwe kila mwaka. Kati ya waliogunduliwa saratani ya mapafu, asilimia 33 ya kundi la kwanza walitimiza miaka mitano, na asilimia 15 ya kundi la pili. Makofi yakavuma.

Nikauliza: waliokufa kwa saratani hiyo ni wangapi? Ni 122 kwa 115, na walio wengi ni wale waliopimwa sana!

Fikiria, msomaji, abiria wawili wa basi moja liendalo Kisii. Mmoja amepanda Isebania, mwenziwe Migori. Wa kwanza amekaa garini muda mrefu zaidi, lakini wanashuka pamoja. Kupima mapema kunasogeza kituo cha kupandia. Kifo huenda kisisogee.

Tena waliopimwa sana walipatikana na saratani 206, wenzao 160. Pengo hilo halikuzibika hata baada ya miaka mingi. Maana yake baadhi ya uvimbe usingemdhuru mwenyewe kamwe, ila sasa amepasuliwa na kuhesabiwa miongoni mwa waliopona.

Kwa hiyo vifo vihesabiwe kwa kundi zima, tangu siku ya kugawanywa. Saratani ya mlango wa kizazi ina hesabu nyingine, kwani huko tunaondoa vidonda kabla havijawa saratani.

Mtoa mada aliomba slaidi irudishwe.