Wimbi kwenye mnyororo wa springi na frikwensi isiyovukika

Mnyororo wa vitu vizito vilivyounganishwa kwa springi hupitisha mawimbi, lakini haupitishi kila wimbi. Mtetemo wa polepole husafiri hadi mwisho wa mnyororo. Mtetemo wa haraka zaidi husafiri pia, ila kwa mwendo mdogo, na ukishazidi kiwango fulani hausafiri tena: huishia kwenye viungo vichache vya mwanzo. Kanuni inayounganisha frikwensi ya wimbi na urefu wake ndani ya mnyororo huitwa uhusiano wa mtawanyiko, na kiwango kile cha mwisho huitwa frikwensi ya ukomo.

Chukua vigari vidogo vilivyopangwa juu ya reli ya maabara yenye vitundu vinavyopuliza hewa, ili msuguano uwe mdogo sana. Kila kigari kina tungamo la kilo 0.1. Kila kimoja kimeunganishwa na jirani yake kwa springi yenye ukakamavu wa nyutoni 40 kwa mita, yaani kuivuta sentimita 1 kunahitaji nguvu ya nyutoni 0.4. Kutoka kigari kimoja hadi kingine ni sentimita 10. Mota iliyofungwa kwenye kigari cha kwanza hukisukuma mbele na nyuma kwa frikwensi inayochaguliwa na mtu anayeiendesha.

Kila kigari huvutwa na springi mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Vigari vitatu vinavyofuatana vikisogea kwa kiasi kilekile, springi za katikati hazivutiki wala hazibanwi, na kigari cha kati hakipati nguvu yoyote. Nguvu hutokea pale tu kigari kinapotofautiana na majirani zake. Kiasi chake ni ukakamavu wa springi ukizidishwa kwa jumla ya misogeo ya majirani wawili, baada ya kutoa mara mbili ya msogeo wa kigari chenyewe.

Hapo ndipo urefu wa wimbi unapoingia. Wimbi likiwa refu, tuseme mita 2, majirani husogea karibu sawasawa, tofauti kati yao ni ndogo, na nguvu ya kukirudisha kigari ni dhaifu. Kwa hiyo kigari hutetema polepole. Wimbi likifupishwa, majirani hutofautiana zaidi, nguvu huongezeka, na mtetemo huwa wa haraka. Hesabu ya nguvu hiyo, ikilinganishwa na nguvu inayohitajika kukitetemesha kigari chenye tungamo m, huleta kanuni ifuatayo:

f = (1/π) √(k/m) · sin(πd/λ)

Katika kanuni hiyo f ni frikwensi, k ni ukakamavu wa springi, d ni umbali kati ya vigari na λ ni urefu wa wimbi. Kwa mnyororo wa mfano huu, sehemu iliyo mbele ya sine ni hezi 6.37. Kwa kuwa sine haizidi 1, hakuna wimbi linaloweza kusafiri humo kwa frikwensi iliyo juu ya hezi 6.37. Hiyo ndiyo frikwensi ya ukomo.

Ukomo huo unaweza kuelezwa hata bila sine. Frikwensi hiyo hufikiwa urefu wa wimbi unapokuwa sentimita 20, yaani nafasi mbili za mnyororo. Hapo kila kigari husogea kinyume kabisa na jirani yake: kimoja kikienda kulia, kinachofuata huenda kushoto kwa kiasi kilekile. Katikati ya kila springi kuna nukta isiyosogea, na kigari hujikuta kati ya nusu mbili za springi zilizokazwa mahali pamoja. Nusu ya springi ina ukakamavu mara mbili ya springi nzima, kwa hiyo nusu mbili kwa pamoja zina ukakamavu wa mara nne, yaani nyutoni 160 kwa mita. Tungamo la kilo 0.1 likifungwa kwenye ukakamavu huo hutetema mara 6.37 kwa sekunde. Majirani hawawezi kutofautiana zaidi ya kuwa kinyume kabisa, ndiyo maana springi haziwezi kutoa mtetemo wa haraka kuliko huo kwa vigari vinavyosogea kwa kiasi kimoja.

Mawimbi mafupi kuliko sentimita 20 hayaongezi kitu kipya. Ukichora wimbi la sentimita 15 juu ya mnyororo, kisha wimbi la sentimita 30 linaloelekea upande wa pili, utaona vigari viko mahali palepale katika michoro yote miwili. Mchoro wa wimbi unatofautiana katika nafasi zilizo kati ya vigari tu, na huko hakuna tungamo la kusogea.

Chini ya ukomo, kanuni hiyo ina matokeo mengine yanayoonekana. Kwa mawimbi marefu, frikwensi na urefu hubadilika kwa uwiano, na kasi ni mita 2 kwa sekunde kwa wote. Frikwensi ikifika hezi 3, urefu wa wimbi ni sentimita 64, na nishati husafiri kwa mita 1.76 kwa sekunde. Kwa hezi 6, karibu na ukomo, urefu ni sentimita 25.5 na kasi ya nishati imeshuka hadi mita 0.67 kwa sekunde. Kwenye ukomo wenyewe kasi hiyo ni sifuri: vigari vinatetema, lakini hakuna kinachosonga mbele.

Kasi inayotajwa hapa ni ile ya kundi la mawimbi, na hutofautiana na kasi ya kilele kimoja kimoja. Kwa hezi 6, kilele cha wimbi hupita kwa mita 1.53 kwa sekunde, zaidi ya maradufu ya kasi ya nishati. Anayetazama kundi fupi la mawimbi likipita ataona vilele vikizaliwa nyuma ya kundi, vikilipita, na kufifia mbele yake.

Ndiyo maana mshtuko mmoja hauwezi kubaki mmoja. Kigari cha kwanza kikigongwa kwa ghafla, pigo hilo hubeba mitetemo ya frikwensi nyingi kwa pamoja. Kwenye mnyororo wa mita 4, mitetemo ya polepole hufika mwisho baada ya sekunde 2 hivi. Ile ya hezi 3 hufika baada ya sekunde 2.3, na ile ya hezi 6 huchukua karibu sekunde 6. Pigo lililoanza kama mshindo mmoja hufika likiwa mkia mrefu wa mawimbi, yaliyo marefu yakitangulia na mafupi yakichelewa. Kutawanyika huko ndiko kulikoupa uhusiano huo jina lake.

Swali linalobaki ni kinachotokea mota inapopita ukomo. Iendeshwe karibu na hezi 8, yaani radiani 50 kwa sekunde, ikisogeza kigari cha kwanza milimita 20 kila upande. Cha pili hutetema milimita 5, cha tatu milimita 1.25, na cha nne milimita 0.3. Kila kimoja hupata robo ya kilichotangulia na husogea kinyume chake. Kigari cha pili kinahitaji nyutoni 1.25 ili kifuate mwendo huo wa haraka. Kama majirani wake wote wangetetema milimita 5, springi zingempa nyutoni 0.8 tu. Nguvu iliyopungua hutoka kwa jirani wa kushoto, anayetetema kwa kiasi kikubwa zaidi: milimita 20 za kushoto, 1.25 za kulia na mara mbili ya 5 zake mwenyewe hujumlika kuwa 31.25, na springi hutoa nyutoni 1.25 kamili. Mtetemo hauna budi kupungua kwa kila hatua, la sivyo hesabu ya nguvu haikubali.

Nishati haipotei kwa kuwa joto. Katika nusu ya kila mzunguko mota husukuma springi, na katika nusu nyingine springi huisukuma mota, hivyo kwa wastani hakuna kazi inayofanyika. Hii ndiyo dalili ya kutofautisha ukomo na msuguano. Msuguano hupunguza mtetemo huku mota ikiendelea kula umeme kwa ajili ya mnyororo, na vilele bado husogea mbele. Juu ya ukomo, vigari vyote hupita katikati kwa wakati mmoja, na hakuna kilele kinachosafiri. Hata hivyo mnyororo mfupi sana huvujisha: kigari cha mwisho kikiwa cha nne, zile sehemu ndogo za milimita bado zinaweza kupimwa na kupitishwa mbele.

Hesabu hiyohiyo ilitumika kwenye simu za waya. Mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kazi za George Campbell wa kampuni ya AT&T na Michael Pupin wa Chuo Kikuu cha Columbia, koili ziliwekwa kwenye nyaya ndefu za simu kwa nafasi zilizo sawa ili sauti isififie njiani. Koili ilishika nafasi ya tungamo, na uwezo wa waya kuhifadhi chaji ulishika nafasi ya springi. Mpango mmoja uliotumika sana uliweka koili ya milihenri 88 kila baada ya mita 1,830 hivi. Kwa waya wenye takriban mikrofaradi 0.094 katika kila kipande, ukomo huangukia karibu na hezi 3,500. Sauti ya mazungumzo ilipita vizuri. Intaneti ya ADSL ilipokuja na frikwensi za kuanzia takriban hezi 25,000, mawimbi yake yalirudishwa na koili hizohizo, na mafundi walilazimika kuziondoa kwanza.

Ndani ya metali, matabaka ya atomu huwa vigari na vifungo vya kikemia huwa springi. Katika alumini, matabaka yaliyo sambamba na uso wa mchemraba wa fuwele yameachana kwa nanomita 0.2025, na sauti hupita kwa takriban mita 6,400 kwa sekunde. Kasi hiyo ikigawanywa kwa π na kwa umbali huo, ukomo hutoka karibu na hezi trilioni 10. Vipimo vinavyofanywa kwa kurusha nyutroni kwenye fuwele, mbinu iliyompa Bertram Brockhouse sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1994, huonyesha thamani iliyo chini kidogo tu ya hiyo.

Ulinganifu huo una mipaka. Katika fuwele halisi atomu huvutana hata na zilizo mbali kuliko jirani wa kwanza, na mchoro wa frikwensi huacha kuwa sine kamili. Fuwele ikiwa na atomu za aina mbili, kama chumvi ya mezani, mawimbi hupata ukanda wa pili wa frikwensi juu ya ule wa kwanza, na kati yake huweza kubaki pengo ambamo hakuna wimbi linalosafiri. Springi zikivutwa mno hadi nguvu isiwe tena na uwiano na msogeo, frikwensi huanza kutegemea ukubwa wa mtetemo, na kanuni ya hapo juu haitoshi. Lakini kwa mitetemo midogo kwenye mnyororo wowote wenye nafasi sawa, namba tatu, yaani tungamo, ukakamavu na umbali, zinatosha kueleza kipi kitapita, kwa kasi gani, na kipi kitarudishwa.