Hesabu za Maji ya Kijiji, Sehemu ya Tatu: Pampu, Saa na Tangi

Hesabu ya mradi wa maji wa kijiji ina namba nne zinazopaswa kukubaliana: maji ambayo watu wanayahitaji kwa siku, maji ambayo pampu inayatoa kwa saa, saa ambazo pampu inafanya kazi, na ujazo wa tangi. Tatu za kwanza zimefungwa pamoja kwa kuzidisha. Kiasi cha pampu kwa saa kikizidishwa na saa za kazi, jibu lifikie mahitaji ya siku. Lisipofika, kuna namba iliyokosewa. Tangi halimo katika kuzidisha huko. Lenyewe halitengenezi maji, linayatunza tu tangu saa yanapopatikana hadi saa yanapotakiwa. Kwa hiyo ukaguzi wake hauwezi kufanywa kwa jumla ya siku. Hapa ndipo michoro mingi iliyo sahihi kwa macho inapokosea.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jambo lote. Chukua kijiji cha watu 2,800 katika ukanda mkavu wa katikati ya Tanzania, chenye shule ya wanafunzi 580, zahanati, na kisima kirefu kimoja. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mkazi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kutoka kituo kilicho umbali usiozidi mita 400 toka anakoishi, na kila kituo kihudumie watu 250. Watu 2,800 kwa lita 25 ni lita 70,000. Wanafunzi wakiwekewa lita 10 kila mmoja, shule inahitaji lita 5,800, na zahanati ikatengewa lita 1,000. Jumla ni lita 76,800 za kufika kwenye ndoo.

Maji yanayofika kwenye ndoo si yote yaliyotoka kisimani, kwani mabomba huvuja. Tuseme mpangaji amekadiria kwamba sehemu ya 20 katika kila 100 ya maji yaliyopampiwa itapotea njiani. Wengi hapa huchukua lita 76,800, wakaongeza asilimia 20 yake, wakapata lita 92,160. Lakini upotevu ule ni asilimia 20 ya kilichopampiwa, wala si ya kilichofika. Kilichofika ni asilimia 80, hivyo lita 76,800 zinagawanywa kwa 0.8, na jibu ni lita 96,000. Tofauti ya lita 3,840 ni ndoo 192 za lita 20 kila siku. Aliyefanya hesabu hataiona karatasini. Ataiona mama wa mwisho kwenye foleni.

Sasa kisima. Ripoti ya jaribio la kupampu inasema kisichotwe zaidi ya lita 4 kwa sekunde. Dakika moja ina sekunde 60 na saa moja ina dakika 60, kwa hiyo lita 4 kwa sekunde ni lita 14,400 kwa saa. Mwuza pampu huzungumza kwa mita za ujazo kwa saa, na mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kwake yeye kisima hicho ni 14.4. Ni busara kuziandika namba zote kwa kipimo kimoja kabla ya kuzilinganisha, maana anayesoma 14.4 kana kwamba ni lita kwa sekunde atanunua pampu ya kukausha kisima. Pampu iliyochaguliwa inatoa lita 12,000 kwa saa. Namba hiyo isomwe kwenye jedwali la pampu mbele ya kimo chote ambacho maji yatapandishwa, tangu usawa wa maji kisimani wakati wa kupampu hadi mdomo wa bomba juu ya tangi, pamoja na nguvu inayoliwa na msuguano ndani ya bomba. Kiasi kikubwa kabisa kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pampu ni cha kimo kidogo, na hakifai kuingizwa katika hesabu hii.

Lita 96,000 zikigawanywa kwa 12,000 zinatoa saa 8. Pampu iko chini ya kikomo cha kisima, na saa 8 ni zamu ya kawaida ya mhudumu mmoja. Namba tatu zimekubaliana.

Kwa tangi, swali la kwanza ni watu huchota saa ngapi. Kijijini maji hayachotwi sawasawa kutwa nzima. Tuseme mahesabu ya siku kadhaa kituoni yameonyesha hivi: kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, asilimia 40 ya maji ya siku; kuanzia saa 4 hadi saa 10 jioni, asilimia 20; kuanzia saa 10 hadi saa 1 usiku, asilimia 40 iliyobaki; usiku vituo hufungwa. Kwa lita, upotevu wote wa siku ukiwekwa katika saa hizo ili kurahisisha hesabu, hiyo ni 38,400 asubuhi, 19,200 mchana na 38,400 jioni.

Mhudumu akiwasha pampu saa 12 asubuhi na kuizima saa 8 mchana, hesabu inakwenda hivi. Hadi saa 4 zimeingia lita 48,000 na kutoka 38,400. Tangi limepata ziada ya lita 9,600. Kati ya saa 4 na saa 8 zimeingia tena 48,000 na kutoka 12,800, na ziada sasa ni lita 44,800. Hapo pampu inazimwa. Hadi saa 10 zinatoka 6,400, zinabaki 38,400, ambazo ndizo hasa zinazochotwa jioni. Tangi linalala tupu na asubuhi linaanza upya. Akiba kubwa kuliko zote ilikuwa lita 44,800, kwa hiyo tangi la lita 50,000 linatosha na kubakiza kidogo. Lita 50,000 hizo zihesabiwe kati ya bomba la kutolea maji na bomba la kumwagia ziada. Maji yaliyo chini ya bomba la kutolea hayamfikii mtu.

Sasa ibadilishwe namba moja tu ambayo haimo hata katika zile nne. Mhudumu anaishi mbali na kisima, anafika na kuwasha saa 2 asubuhi, anazima saa 10 jioni. Saa zake ni zile zile 8, pampu ni ile ile, lita ni zile zile 96,000. Lakini kati ya saa 12 na saa 2 watu wanachota lita 19,200 na hakuna kinachoingia, hivyo maji hayo lazima yawe yamelala tangini tangu jana. Saa 2 hadi saa 4 zinaingia 24,000 na kutoka 19,200. Saa 4 hadi saa 10 zinaingia 72,000 na kutoka 19,200. Tangu lilipokuwa chini kabisa saa 2 hadi lilipojaa saa 10, tangi limepanda kwa lita 57,600. Huo ndio ujazo unaotakiwa sasa, na tangi lililojengwa ni la 50,000.

Kitakachotokea kinaweza kutabiriwa kwa dakika. Tangi likiwa limejaa saa 10 jioni, watu wanachota 38,400 na zinalala lita 11,600. Asubuhi zinatoka lita 9,600 kwa saa, kwa hiyo zinakwisha saa 1 na dakika 12. Mabomba yanakauka hadi saa 2, na lita 7,600 zilizotakiwa hazikupatikana. Alasiri, kiasi cha saa 9 na dakika 8, tangi linajaa na kuanza kufurika; hadi saa 10 zimemwagika lita 7,600. Ni maji yale yale yaliyokosekana asubuhi. Kama kuna swichi ya boya, haimwagiki hata lita moja, ila pampu inajizima yenyewe mapema na mita ya mwezi inasoma pungufu.

Dalili hizi mbili zikionekana katika tangi moja, ukavu asubuhi na kufurika alasiri, kasoro haiko kisimani. Hata hivyo kamati ikisikia kilio cha foleni ya asubuhi mara nyingi hudai kisima cha pili au pampu kubwa. Pampu kubwa ikiwashwa saa 2 haileti tone kabla ya saa 2. Italijaza tangi mapema zaidi na kumwaga zaidi. Dawa ni ama pampu iwashwe saa 12, jambo lisilogharimu zaidi ya kumsogeza mhudumu, ama liongezwe tangi la lita 10,000 lililounganishwa na la zamani, midomo ya kumwagia ziada ikiwa usawa mmoja.

Pampu ya umeme wa jua inahitaji ukaguzi mkali zaidi, kwa kuwa kiasi chake hubadilika na jua. Pampu ya lita 12,000 kwa saa hutoa kiasi hicho jua likiwa kali, si kuanzia linapochomoza. Mwanga wa kutwa nzima katika ukanda huo, ukikusanywa, hulingana na saa 5 hadi 6 za jua kali. Kwa saa 5.5 pampu hiyo haiwezi kuzidi lita 66,000, nazo ni pungufu kwa 30,000. Ili kupata 96,000 ingetakiwa kutoa zaidi ya lita 17,400 kwa saa wakati wa adhuhuri, na kisima kinaruhusu 14,400. Katika mfano huu, kwa paneli zilizopimwa kulingana na pampu, jua peke yake halitoshi. Lazima pawe na umeme wa gridi au jenereta wa kuziba saa zilizobaki, au kisima kingine.

Mradi ukishajengwa, namba hizi zinakaguliwa kwa futi ya kupimia na saa ya mkononi. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 5 kwa ndani lina eneo la mita za mraba 19.6. Valvu ya kutolea ikifungwa na pampu ikawashwa kwa saa moja, maji yapande sentimita 61. Yakipanda 50, pampu inatoa chini ya lita 10,000, na zile saa 8 zimekuwa karibu 10. Usiku, pampu ikiwa imezimwa, vituo vimefungwa na valvu imeachwa wazi, tangi lipimwe saa 2 na tena saa 11 alfajiri, siku ambayo kuna maji ya kutosha ndani. Upotevu uliokadiriwa ni lita 19,200 kwa siku, yaani 800 kwa saa. Kwa saa 9 maji yatashuka sentimita 37. Yakishuka zaidi, asilimia 20 ilikuwa ndoto njema, ingawa usiku mgandamizo huwa mkubwa na uvujaji huzidi kidogo.

Mwisho hupimwa bombani. Watu 2,800 wanahitaji vituo 12. Jioni, baada ya kuondoa upotevu, kila kituo kinapaswa kutoa lita 2,560 kwa saa 3, yaani ndoo 128. Kituo chenye koki mbili kinajaza ndoo 64 kwa kila koki, na kwa dakika 180 kila ndoo inapata dakika 2 na sekunde 48. Koki ikijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 2, zinabaki sekunde 48 za kuiondoa na kuweka nyingine, na foleni inakwisha kabla ya saa 1 usiku. Ikichukua dakika 3, maji yatabaki tangini na watu watabaki kwenye foleni.