Karatasi ya Nyumba Mbele ya Hakimu

Familia ikisimama mahakamani kumwombea mtu wao dhamana, mara nyingi husema maneno ya kweli yasiyojibu swali. Ana watoto wadogo. Mama yake ni mgonjwa. Yeye ndiye mtafutaji wa nyumba nzima. Hakimu husikiliza, na pengine moyoni akaona huruma, lakini analojiuliza ni jingine: nikimwachilia leo, siku ya kesi nitamwona?

Nchini Kenya sheria imeanza upande wa mshtakiwa. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana yenye masharti yanayofaa, ila kukiwa na sababu nzito za kumzuia. Hata anayeshtakiwa kwa mauaji anaweza kuomba. Anayetaka mtu abaki rumande ni upande wa mashtaka, na ndio unaopaswa kuleta sababu, kwa kawaida kupitia kiapo cha afisa anayechunguza kesi. Kusema tu kwamba kosa ni kubwa hakutoshi.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuuweke Mombasa. Kijana wa Kisauni, muuzaji katika duka la vipuri, anashtakiwa kumwibia mwajiri wake shilingi 180,000. Wizi wa mtumishi, adhabu yake haizidi miaka saba. Anakana shtaka, na wakili wake anaomba dhamana papo hapo. Mwendesha mashtaka anapinga. Kiapo cha afisa kina mambo matatu: mshtakiwa alikamatwa Lunga Lunga, mpakani, mamake anaishi Tanga, na hapa Mombasa hana makao ya kudumu, amepanga chumba tu.

Kiapo hicho kikiachwa bila jibu, kijana anarudi Shimo la Tewa. Na jibu halipatikani kwa kukana kwa jumla. Kila jambo lina dawa yake.

Kuhusu Lunga Lunga, dada yake analeta tiketi ya basi ya kwenda na kurudi, iliyokatwa siku mbili kabla ya duka kupiga ripoti polisi. Alikuwa anakwenda mazikoni. Mtu anayetoroka hakati tiketi ya kurudi, na hakiki ya tarehe hapa ina uzito kuliko hotuba yoyote. Kuhusu mamake, hakuna haja ya kuficha. Kijana mwenyewe anajitolea kuikabidhi mahakama pasi yake ya kusafiria na kuripoti kituo cha polisi kila Ijumaa. Kujitolea sharti kabla ya kulazimishwa huipunguzia mahakama hofu yake.

Linabaki suala la makao, na hapa Mombasa ina kisa chake. Chumba anachoishi kimo ndani ya nyumba ya Kiswahili ya babu yake mdogo, na nyumba hiyo imesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine. Ndiyo ile tunayoiita nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, kiwanja si chako, na mwenye kiwanja hulipwa kodi ya ardhi. Familia nyingi za mji huu zimeishi hivyo vizazi kwa vizazi. Babu anashika makubaliano ya kununua nyumba na risiti za kodi ya ardhi za miaka mingi, naye anafika mahakamani akiamini kwamba karatasi hizo zitamtoa mjukuu.

Zinakataliwa na zinakubaliwa, kutegemea zinaletwa kwa kazi gani. Kama amana ya mdhamini, hazifai. Mahakama inataka mali inayoweza kuzuiwa kwenye rejista, ili isiuzwe kesi ikiendelea, na iweze kukamatwa mshtakiwa akitoroka. Nyumba isiyo na hati miliki ya ardhi haina mahali pa kuandikiwa kizuizi hicho. Lakini kama ushahidi wa makao, karatasi hizo hizo ni dhahabu. Zinaonyesha kwamba ukoo huu haujahama mtaa tangu kijana hajazaliwa. Ziambatanishe na barua ya chifu, na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha mchango wake wa kila mwezi kwa babu, na lile neno la afisa, "hana makao ya kudumu", linabaki halina mguu. Ninaamini kuna watu wako rumande leo kwa sababu karatasi nzuri iliwekwa kwenye faili kwa kazi isiyo yake.

Hakimu akisita, anaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni. Huyu hufika mtaani, akauliza majirani, mzee wa mtaa, hata mlalamikaji. Wazee waliokuwa wakisema uongo mdogo kwa nia njema, kwamba kijana hajawahi kutoka Mombasa, hapo ndipo wanapomharibia. Uongo mmoja ukigundulika, mengine yote yanatiliwa shaka.

Tuseme ombi limekubaliwa: bondi ya shilingi 200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho, au dhamana ya pesa taslimu shilingi 80,000. Tofauti ni hii. Pesa taslimu hulipwa sasa, na aliyelipa hurudishiwa kesi ikiisha, hata mshtakiwa akipatikana na hatia, mradi amehudhuria. Kwa hiyo risiti iwe kwa jina la aliyetoa pesa, na itunzwe, maana bila risiti marejesho huwa safari ndefu. Bondi haina malipo ya mwanzo, lakini inataka mdhamini.

Babu hawezi. Mjomba wa Kilifi ana shamba lenye hati. Anahitaji hati yenyewe, cheti cha upekuzi wa ardhi kinachoonyesha shamba halina deni wala kesi, ripoti ya thamani, kitambulisho, picha na barua ya chifu wake. Mahakama huandikia ofisi ya ardhi kuhakikisha. Wenye magari huleta logbuku, na wafanyakazi mara nyingine hati za mshahara. Kisha mjomba anasimama mbele ya hakimu.

"Huyu ni nani kwako?"

"Mtoto wa dada yangu, mheshimiwa."

"Unajua ameshtakiwa nini? Akitoroka, unajua shamba lako linakuwaje?"

Maswali hayo si ya mapambo. Mshtakiwa akikosa kufika, mdhamini huitwa aeleze kwa nini asilipe kiasi cha bondi. Asipolipa, mali yake inaweza kukamatwa na kuuzwa, na mali isipotosha anaweza yeye mwenyewe kufungwa. Akianza kuona dalili mbaya, kama simu kuzimwa au safari zisizoelezeka, anaruhusiwa kurudi mahakamani kujitoa. Mshtakiwa hukamatwa, atafute mdhamini mwingine. Ndiyo maana mdhamini wa kukodi, anayesubiri nje ya lango na hati ya kukodisha kwa ada, hana faida kwa yeyote. Hawezi kujibu swali la kwanza, na hati yake ikiwa bandia, kesi zinakuwa mbili.

Na kiasi kikiwashinda? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema dhamana isipite kiasi kinachostahili, na Mahakama Kuu ina uwezo wa kukipunguza. Ila wakili mzuri huanza kwa hakimu yuleyule, akionyesha mapato ya familia kwa karatasi.

Mdhamini akishakubaliwa, hati ya kuachiliwa hupelekwa gerezani, na askari magereza huhakikisha kwamba mahabusu hana kesi nyingine inayomshikilia. Ijumaa mjomba akisaini jioni na hati isifike Shimo la Tewa kabla ya ofisi kufungwa, kijana huenda akala chakula cha gereza hadi Jumatatu.