Kitambaa cha Miraba Hakikisiwi kwa Macho

Kwenye kikundi cha kufuma ninachohudhuria hapa Leicester, bibi mmoja alishika kitambaa changu cha kochi, akakigeuza huku na huku, akasema ni kizuri, ila bila shaka nimekikisia kwa macho maana hakuniona na maelezo. Maelezo nilikuwa nayo mapajani: ukurasa wa daftari la hesabu, miraba mingine imepakwa penseli na mingine imeachwa wazi. Kwake hiyo ilikuwa picha tu. Nimekaa na neno lile wiki nzima, na ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu mama zetu wa Kisauni, Likoni na Changamwe hawakukisia kitu. Walihesabu.

Waingereza wanapenda kroshia iandikwe kwa maneno. Waridi ambalo mchoro unalionyesha kwa mara moja, majarida yao yanalipa kurasa mbili za vifupisho: fanya cheni mbili, ruka mbili, nguzo moja, rudia mara saba, geuza. Ukipoteza mstari uliokuwa ukiusoma, huna pa kushika, kwa kuwa maneno hayakuonyeshi waridi limefika wapi.

Baya zaidi, maneno yenyewe hayaaminiki. Mshono ambao Waingereza wanauita trebo, Wamarekani wanauita dabo, na dabo ya Waingereza ni mshono mwingine, mfupi zaidi. Ukichukua maelezo ya Marekani ukayafuma Kiingereza, kila safu inatoka fupi na waridi lako linabonyea kama limekaliwa. Nimeona wanawake wenye miaka mingi ya kufuma wakibishana kitabu fulani kimetoka upande gani wa bahari. Mraba uliopakwa penseli hauna ubishi huo. Mfumaji wa Venisi, Federico Vinciolo, alichapisha Paris mwaka 1587 kitabu cha michoro ya nakshi, na nakshi za nyavu zilizomo zimechorwa kwa miraba. Mtu anayejua kuhesabu anaweza kuzifuata hadi leo.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila mraba una nguzo mbili, moja kila upande. Nguzo ni ule mshono ambao unazungusha uzi mara moja kwenye sindano, unaingiza, unavuta kitanzi, kisha unatoa vitanzi viwili, halafu viwili tena. Katika mraba mtupu, kati ya nguzo hizo kuna cheni mbili. Katika mraba uliojaa, mahali pa cheni panasimama nguzo mbili zaidi. Miraba jirani inagawana nguzo, kwa hiyo kupata mishono ya safu unazidisha idadi ya miraba kwa tatu na kuongeza moja.

Tuseme unataka neno KARIBU. Herufi tano nazipa upana wa miraba 4 kila moja, na I naipa 1: jumla 21. Nafasi 5 kati ya herufi zinafikisha 26. Miraba 2 mitupu kila upande, 30. Ukingo wa mraba mmoja uliojaa kushoto na kulia, 32. Mara tatu ni 96, ongeza moja, 97. Safu ya kwanza ni ukingo na imejaa yote, hivyo naongeza cheni 2 nifike 99, na nguzo naiingiza kwenye cheni ya nne kutoka sindanoni. Zile tatu nilizoruka zinasimama kama nguzo ya kwanza. Safu ingeanza na mraba mtupu, ningefuma cheni 101 na kuingia kwenye ya nane.

Mchoro unasomwa kutoka chini kwenda juu. Safu ya kwanza unaisoma kulia kwenda kushoto, unageuza kazi, ya pili unaisoma kushoto kwenda kulia, na hivyo hivyo hadi juu. Atakayesoma safu zote kutoka kulia ataona kila safu ya pili imepinduka, na herufi zinakatikakatika zisisomeke. Ua lenye nusu mbili zinazofanana halionyeshi kosa hilo, ndiyo maana mtu anaweza kufuma maua miaka mingi kisha akashindwa na neno moja.

Sasa usawa, maana nao haukisiwi kwa macho. Fuma kipande cha miraba 10 kwa safu 10, nusu imejaa, nusu mitupu, kisha pima. Urefu ukizidi upana, duara la mchoro wako litakuwa yai. Wengi wanakimbilia kubadilisha sindano, lakini sindano ndogo inapunguza pande zote mbili pamoja, na yai linabaki yai dogo. Kimo cha nguzo kinaamuliwa na kile kitanzi cha kwanza unachovuta baada ya kuingiza sindano. Ukikivuta juu nguzo inarefuka, ukikiacha chini inafupika. Hapo ndipo pa kurekebisha, na urekebishe kila nguzo sawasawa.

Upande uliojaa ukitanuka kuliko ule mtupu, cheni zako zimekaza. Hapa Leicester baridi inanikaza vidole, na cheni ndizo zinazoonyesha kwanza. Unapojaza juu ya mraba mtupu, ingiza sindano ndani ya cheni zenyewe badala ya kwenye uwazi ulio chini yake. Ni kazi ya polepole, lakini nguzo zilizofumwa uwazini zinateleza na kuacha mianya. Na kitambaa kikianza kupungua pembeni kama ngazi, umesahau nguzo ya mwisho, inayoingia kwenye cheni ya tatu ya zile ulizogeuzia. Hesabu nguzo zinazogawa miraba: kwa miraba 32 lazima ziwe 33.

Binti yangu anatumia mkono wa kushoto, na shuleni kwao hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kushika sindano. Kisauni shangazi angemkalisha mbele yake, ana kwa ana, aige kama kwenye kioo. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Yeye anaanza mchoro kutoka kushoto, na neno lake linatoka sawa. Siku alipoanzia kulia kama mimi, KARIBU ilipinduka yote. Alilia. Nikamgeuzia kitambaa nyuma, akaisoma vizuri, kwa kuwa kazi hii inafanana pande zote mbili. Tangu siku hiyo ananiuliza kila kitu kama kinaweza kugeuzwa.

Mdogo wake ana miaka tisa na hataki herufi. Anataka feri ya Likoni, aliyoipanda mara moja tu tulipokwenda nyumbani na ambayo haijamtoka kichwani. Ameichora mwenyewe kwenye daftari. Nimemweleza kwamba mlango wa kupandia magari, ule unaoinama, hauwezi kuwa mstari wa mshazari. Utapanda ngazi ngazi, mraba kwa mraba, na akitaka ulainike lazima feri iwe kubwa zaidi. Ameikuza hadi miraba 60, yaani mishono 181 kwa safu, na madirisha ameyaacha matupu, moja moja. Watu pia anawataka. Nimemwambia mtu wa mraba mmoja ataonekana kama doa, akajibu kwamba asubuhi feri inajaa mpaka watu ndivyo wanavyoonekana, madoa. Dada yake anasema watu wawe kwenye kitambaa cha pili. Wanabishana pia feri inaelekea Likoni au kisiwani, na kila mmoja amekaa upande wake wa kitambaa.